Mwalimu, penseli yako imenenepesha mguu

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nasimama darasani karibu siku nzima. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimeota sugu, na kidole gumba kimeanza kuwalalia wenzake. Kaka yangu yuko Hamburg, anataka kuninunulia viatu vya mtindo wa pekupeku, vile vipana mbele, ila anataka vipimo. Jioni nilisimama kwenye karatasi, mwanangu akanichora kwa penseli, akiisimamisha wima. Kulia urefu ni milimita 250, upana 101. Kushoto urefu 247, upana 104. Jedwali la kiatu anachokitaka linasema nafasi ya ndani ya namba 38 ni urefu 247 na upana 93. 39 ni 254 na 95. 40 ni 260 na 97. 41 ni 267 na 99. Kwa upana wangu hata 41 haitoshi. Nimwambie achukue 43?*

Marahaba mwalimu. Hapana, 43 asichukue, na 41 asiiguse. Mguu wako ni wa namba 39, au karibu sana na hapo. Kilichokupeleka huko kwenye arobaini na ngapi ni ile penseli.

Chukua penseli yoyote ya mwanao uipime unene: utapata kama milimita 7. Ikisimamishwa wima na kuambazwa kwenye mguu, kinachogusa ngozi ni ubavu wa penseli, lakini ncha inayochora iko katikati yake, milimita 3 na nusu kutoka kwenye ngozi. Kwa hiyo mstari umepita nje ya mguu kwa milimita 3 na nusu upande wa kidole gumba, na kiasi hicho hicho upande wa kidole kidogo. Hizo ni 7 ambazo si zako. Mbele na nyuma mambo ni yale yale. Ukiziondoa, mguu wa kulia unabaki na urefu wa 243 na upana wa 94, na wa kushoto 240 kwa 97.

Milimita 7 zinaonekana kitu kidogo mpaka ujue kwamba namba moja ya kiatu cha Ulaya na inayofuata zinapishana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67. Basi penseli peke yake imekuongezea namba nzima kwa urefu. Kwenye upana imeharibu zaidi, maana katika jedwali lako kila namba inaongeza milimita 2 tu za upana. Milimita 7 za upana ni sawa na kuruka namba tatu na nusu. Ndiyo maana ukajiona una mguu usio na kiatu duniani.

Wengine hukosea kinyume. Penseli ikilala, ncha yake inaingia chini ya mguu, hasa pale ukingo unapojikunja kuelekea sakafuni, na mchoro unatoka mwembamba kuliko mguu wenyewe. Huo utautambua kwa jinsi mstari unavyojichimbia ndani sana kwenye upinde wa wayo, kama ghuba. Kwako mwanao aliisimamisha wima, basi kosa linajulikana na linasahihishika. Mafundi wengine hupasua penseli katikati ili upande ulio bapa uambae na mguu. Nyumbani ipo njia rahisi: toa mrija wa wino ulio ndani ya kalamu ya kawaida uchoree huo. Ni mwembamba, kosa lake kwa pande zote mbili halizidi milimita 3 hivi.

Hata hivyo sitaki kaka yako anunue kwa hesabu yangu ya kutoa. Pima upana upya bila kuchora. Chukua vitabu viwili vigumu vya darasani. Simama sakafuni, uzito umegawanyika sawa kwenye miguu yote miwili, kisha mwanao asimamishe kitabu kimoja kikigusa ubavu wa ndani wa mguu na kingine ubavu wa nje, vyote viwili vikielekea mbele sambamba, visibane. Toa mguu taratibu, vitabu vibaki palepale, na umpe rula apime uwazi uliobaki kati yake. Nategemea mguu wa kushoto utoe kati ya 96 na 98. Ukitoa namba nyingine, hiyo ya vitabu ndiyo ya kufuata, siyo yangu wala ya penseli.

Vitabu vinaondoa na kosa la pili ambalo hukuliandika lakini huwa nakutana nalo kila wiki. Kifundo cha shina la kidole gumba kiko mbele kidogo kuliko kile cha kidole kidogo, kwa hiyo mtu mwenye rula huiweka kimshazari, kutoka kifundo hadi kifundo. Mshazari ni mrefu kuliko upana wa kukata mguu moja kwa moja. Kwa mguu wa 97 unaweza kukupa 100. Majedwali mengi huandika upana wa moja kwa moja, ule ambao vitabu viwili sambamba vinakupa bila wewe kuhangaika na pembe.

Mwanao ndiye apime, wewe usiiname. Ukiinama kujipima mwenyewe uzito unahama, mguu unalalia upande mmoja, na vidole vinajikunja kushika sakafu. Na umefanya vizuri kupima jioni baada ya kusimama kutwa, kwa sababu mguu wa mwalimu wa saa kumi si mguu wa saa moja asubuhi.

Sasa namba. Mguu wako wa kulia ndio mrefu, wa kushoto ndio mpana. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, lakini watu wengi huchagua "mguu mkubwa" mmoja na kuuacha mwingine. Urefu uchukue kulia, upana uchukue kushoto.

Kwa kiatu cha kufunikwa kisicho na kisigino cha kunyanyua, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya milimita 10 hadi 12. Chini ya 8, kidole kitagonga unapotembea, kwa sababu mguu unarefuka kidogo kila unapoukanyagia. Ukivuka 15 kiatu kinaanza kukuburuza. Kulia ni 243. Ukiongeza 11 unapata 254, na hiyo ndiyo namba 39 ya jedwali lako. Kushoto kutabaki na 14, si mbaya. Namba 40 ingekuachia 17 kulia na 20 kushoto. Ile 43 uliyoifikiria, kwa mwendo wa jedwali hilo, ingekuwa na urefu wa karibu 280, yaani karibu sentimita nne za hewa mbele ya vidole. Ungepanda ngazi za shule kwa kujikwaa.

Kujikwaa siyo hasara pekee. Kiatu cha aina hii hukunjika pale kilipo kipana, na pale ndipo shina la vidole vyako linapotakiwa kukaa. Ukichukua kirefu ili upate upana, sehemu pana inasogea mbele pamoja na pua ya kiatu, na shina la vidole vyako linabaki limekaa pale kiatu kinapoanza kuwa chembamba. Umenunua upana na mguu haukai ndani yake. Halafu kisigino kinachopoka, vidole vinajikunja kukishika kiatu kisitoke, na jioni unalalamika kwamba viatu vipana vinachosha. Upana hautafutwi kwa kupanda namba. Unatafutwa kwa kubadili kalibu, yaani ule mguu wa mbao au plastiki ambao kiatu hushonewa juu yake.

Hapo ndipo tunarudi kwenye 95 ya namba 39 dhidi ya 97 ya mguu wako. Inatosha au haitoshi? Inategemea kiwanda kilipima wapi, na jedwali halisemi. Kuna wanaopima upana wa soli ya ndani, ile unayoweza kuitoa kwa mkono. Kuna wanaoingiza kipimo ndani ya kiatu na kupima kutoka ukuta hadi ukuta. Wengine, na hao ndio wa kuogopa, hutoa upana wa soli ya chini kwa nje, ambao unazidi nafasi ya ndani kwa milimita kadhaa kila upande.

Ikiwa 95 ni ya soli ya ndani, na sehemu ya juu ya kiatu ni kitambaa au ngozi laini, mguu wa 97 unaingia bila kubanwa. Sababu yake ni kwamba mguu si sahani. Vitabu vyako vimepima mahali mguu ulipotokeza zaidi, na hapo ni juu kidogo ya sakafu. Wayo wenyewe unaogusa soli ni mwembamba kuliko hapo. Ukuta wa kiatu nao hutokeza nje kidogo kabla ya kurudi juu. Upungufu wa milimita 2, moja kila upande, unamezwa na umbo hilo. Ikiwa 95 ni ya ukuta kwa ukuta, au sehemu ya juu ni ngozi ngumu yenye mshono unaopita juu ya kidole kidogo, mwambie kaka yako aachane nacho. Na ikiwa ni ya soli ya nje, hata asiulize bei.

Mimi, kwa mtu mwenye sugu tayari kwenye kidole kidogo, ningetafuta 39 ya kalibu nyingine yenye 98 au 99. Zipo. Viatu viwili vya namba moja vya mtindo huu huu, kutoka kwa watengenezaji wawili, vinaweza kupishana kwa sentimita nzima ya upana, na vyote vimeandikwa "vipana".

Lakini kuna kitu ambacho upana hauwezi kukuambia hata ukipimwa na malaika. Namba ile moja inapimwa kwenye shina la vidole. Kidole gumba chako kinasukumwa mbele zaidi, kwenye ncha, na hapo jedwali halina safu. Kiatu cha kawaida cha ofisini huchongoka kuelekea katikati, kana kwamba kidole kirefu cha mguu ni cha pili au cha tatu. Kwa watu wengi kidole kirefu ni gumba, na kiko pembeni kabisa. Unaweza kuwa na kiatu chenye 99 kwenye shina la vidole na bado pua yake ikamsukuma gumba kuelekea wenzake, kama linavyokutokea sasa. Vipo viatu vinavyouzwa kwa jina la pekupeku, soli nyembamba, kisigino hakuna, na pua bado ni ya kuchongoka.

Dawa yake ni karatasi yenyewe, siyo namba zake. Chora mguu tena kwa mrija wa wino, miguu yote miwili. Kwenye kila karatasi chora pia mstari mnyoofu wa milimita 100 kamili kwa rula. Piga picha kutoka juu moja kwa moja, pembe zote nne za karatasi zikionekana, mtumie kaka. Picha za simu hupindisha, na printa hupunguza ukubwa bila kukuambia. Kwa hiyo akishachapa, kwanza aweke rula kwenye ule mstari. Ukiwa 96, mchoro wote umepungua kwa asilimia 4, na 97 yako imekuwa 93. Arekebishe ukubwa, achape tena, mpaka mstari utoe 100. Apime na milimita 97 zako kwa kukatisha mchoro wa kushoto. Kwa kosa dogo la mrija aruhusu hadi 100.

Kisha akate mchoro kwa mkasi akifuata ndani ya mstari, atoe soli ya ndani ya kiatu, na alaze karatasi juu yake, kisigino kwa kisigino. Aangalie mambo mawili. Mbele ya gumba kubaki kama upana wa kidole chembamba cha mkono. Na kwenye ubavu wa gumba na wa kidole kidogo karatasi isivuke ukingo wa soli zaidi ya milimita moja au mbili. Karatasi ikivuka zaidi ya hapo upande wa gumba, kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama jedwali limeapa vinginevyo. Kama soli ya ndani haitoki, aiingize karatasi ndani ya kiatu na kupapasa kwa vidole: ikijikunja pembeni, jibu amelipata.

Akiagiza mtandaoni, sheria ya Umoja wa Ulaya inampa siku 14 tangu apokee mzigo kujiondoa kwenye ununuzi. Siku hizo hazitoshi kiatu kuja Morogoro, kukijaribu na kurudi, basi jaribio la karatasi alifanye palepale Hamburg siku ya kwanza, kabla hajamtafuta msafiri wa kukileta.

Neno moja kuhusu kimo. Karatasi ni bapa, mguu una mgongo. Kama huwa unashindwa kufunga kamba za viatu vya watu wengine kwa sababu mgongo wa mguu umeinuka, mwambie achague kiatu cha kamba kinachofunguka mpaka karibu na vidole, asichukue cha kuchomeka. Ukitoa soli ya ndani unapata milimita kadhaa za kimo, basi.

Kikifika, kivae nyumbani jioni kwa muda wa saa moja ukiwa umesimama, ukipika. Vua utazame kidole kidogo: alama nyekundu ya ukutani inayokaa zaidi ya dakika chache ni kubanwa. Baada ya wiki mbili za kuvaa, toa soli ya ndani uisome. Jasho na vumbi vitakuwa vimeacha picha ya mguu wako. Vidole vitano vikiwa vimekaa mzima mzima ndani ya soli, kiatu ni chako. Ukiona nusu ya kidole kidogo imekatwa na ukingo, kilikuwa kinapanda ukutani, na sugu itarudi.

Kuhusu gumba lililolala: kiatu kipana huondoa msukumo na mara nyingi maumivu, lakini mfupa uliokwisha kuhama haurudishwi na kiatu. Ukiona nundu ya shina la gumba inavimba, ni nyekundu na inauma hata ukiwa pekupeku, nenda kwa daktari wa mifupa.

Na soli nyembamba ina masharti yake kwa mtu wa sakafu ya saruji. Ulizoea kisigino kilichoinuka. Kikiondolewa, mashavu ya miguu na ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino hunyooshwa kutwa nzima. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwahamisha wakimbiaji kwenye viatu vya vidole vitano kwa wiki 10, wakawapiga picha za mifupa ya miguu. Zaidi ya nusu yao walionyesha mfupa kujaa maji, dalili ya kuelemewa. Wewe hukimbii, lakini unasimama. Anza na kipindi kimoja cha asubuhi, ubebe viatu vya zamani kwenye mkoba, uongeze kipindi baada ya siku tatu nne. Maumivu ya shavu la mguu ni uchovu. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, juu ya mguu karibu na vidole, ni ya kusimamisha zoezi. Kama una kisukari na nyayo zimeanza kufa ganzi, soli nyembamba usivae kabisa, maana msumari utakuingia na hutajua.

Ikitokea kaka hakupata 39 yenye 98, usikate karatasi zako ukatupa. Kule Pwani fundi wa makubazi anakusimamisha juu ya ngozi na kukuchora kabla hajakata, na fundi wa akala hufanya vivyo hivyo juu ya tairi; hawa walikuwa wanapima upana kwa mchoro kabla jedwali halijafika. Tairi halikunjiki kama kiatu cha kaka yako, lakini ukimpa fundi wa ngozi mchoro wako uliosahihishwa na kumwambia aache milimita 10 mbele tu, pembeni afuate mstari, atakushonea kiatu cha kufunikwa chenye pua ya mguu wako. Mtazame tu penseli anayotumia.